Nimelipa milioni 7.3 kwa miaka miwili, deni limepungua milioni 3.4 tu. Hesabu ya benki inakwendaje?

Kibwana_wa_Masasi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba wenye uelewa wa mikopo ya wafanyakazi wanisaidie, maana hili jambo limeninyima raha.

Nilikopa benki milioni 12 kwa miaka mitano, riba 18% kwa mwaka. Makato ni 304,721 kila mwezi, yanakatwa kwenye mshahara moja kwa moja na hayajawahi kuruka hata mwezi mmoja. Mwezi uliopita nimetimiza makato ya 24. Ukizidisha, nimeshawapa 7,313,304.

Sasa nimepata hela kidogo ya korosho za mzee, nikasema niulize deni lililobaki ili nione kama naweza kulimaliza. Barua niliyopewa inasema nitoe 8,597,367. Yaani nimetoa zaidi ya milioni saba, na deni limeshuka kwa milioni 3.4 peke yake. Dada wa dirishani alinijibu kwamba "mwanzoni unalipa riba zaidi". Ndiyo maelezo yote niliyopata. Kwa nini mwanzoni? Nani aliamua hivyo? Na je, nikilipa sasa kuna faida, au riba yao wameshaimaliza?

Mzalendo_Halisi

Pole sana ndugu. Hawa jamaa wanachukua riba yao yote mwanzoni, halafu deni lenyewe ndiyo linafuata. Wanafanya hivyo ili hata ukihama kazi au ukifariki wao wawe wameshavuna. Ukifika katikati ya mkopo, riba imeisha, unachorudisha ni mtaji wao tu. Kwa hiyo kulipa mapema sasa hivi hakukusaidii kitu, utakuwa unawarudishia hela yao kabla ya wakati. Kaa nayo hiyo hela, nunua kiwanja.

Bi_Salio

Mwanangu Kibwana, usinunue kiwanja kwanza. Nimekaa dawati la mikopo miaka mingi, na swali lako nililijibu karibu kila wiki. Twende nalo polepole, chukua kalamu.

Riba yako ni 18% kwa mwaka, maana yake 1.5% kwa mwezi. Hiyo 1.5% haihesabiwi kwenye makato wala kwenye milioni 12 milele. Inahesabiwa kwenye salio unalodaiwa mwezi huo.

Mwezi wa kwanza ulikuwa unadaiwa milioni 12 kamili. Asilimia 1.5 yake ni 180,000. Hiyo ndiyo riba ya kukaa na hela ya watu mwezi mzima. Ukatoa 304,721, benki ikachukua 180,000 yake, zikabaki 124,721, nazo zikapunguza deni. Salio likawa 11,875,279.

Mwezi wa pili, 1.5% ya 11,875,279 ni 178,129. Umetoa 304,721 zile zile, kwa hiyo sasa zilizokwenda kwenye deni ni 126,592. Mwezi wa tatu riba ni 176,230, deni linapungua kwa 128,491.

Angalia kinachotokea. Kila mwezi riba inashuka kidogo kwa sababu salio limeshuka, na kwa kuwa makato hayabadiliki, kile kilichoshuka kwenye riba kinahamia kwenye deni. Mwezi unaofuata deni linapungua zaidi, riba inashuka zaidi. Mwanzoni mwendo ni wa kobe, mwishoni unakimbia. Kwenye mkopo wako, mwezi wa 15 ndiyo mara ya kwanza sehemu ya deni kuizidi riba: 153,626 kwa 151,095. Na rejesho la mwisho kabisa, la 60, riba yake itakuwa kama 4,500 tu, zaidi ya laki tatu zote zinakwenda kwenye deni.

Kwa hiyo hakuna aliyekaa akaamua kwamba wewe ulipe riba kwanza. Kiwango ni kile kile 1.5% mwezi wa kwanza na mwezi wa 60. Mwanzoni riba ni kubwa kwa sababu unadaiwa kingi.

Mzalendo_Halisi

Bi Salio, kwa heshima zote, hayo ni maelezo ya benki. Matokeo ni yale yale: mwaka wa kwanza wamekula riba kubwa kuliko deni. Mimi naita kuchukua riba mbele.

Bi_Salio

Kuna njia ya kupima, Mzalendo. Kama riba wangekuwa wameichukua mbele, basi mtu akimaliza mkopo mwezi wa 24 asingeokoa kitu. Sasa tazama. Kibwana akienda mpaka mwisho atakuwa ametoa 304,721 mara 60, yaani 18,283,260. Riba ndani yake ni 6,283,260. Katika miaka hii miwili riba aliyolipa ni 3,742,095. Iliyobaki, kama 2,541,000, bado haijazaliwa. Akifunga mkopo leo hailipi. Ingekuwa imechukuliwa mbele, hizo zingekuwa zimeshaondoka.

Hapo kwenye "ukifika katikati riba imeisha" ndipo sikubaliani nawe kabisa, kwa sababu mtu anaweza kukusikiliza akapoteza milioni mbili na nusu.

Lakini upande mmoja una haki. Katika nusu ya kwanza ya muda ndipo sehemu kubwa ya riba inalipwa, na wateja hawaelezwi vizuri siku ya kusaini. Ratiba ya marejesho inawekwa ukurasa wa nyuma, mtu anaonyeshwa mstari mmoja tu wa makato.

Njeri_wa_Thika

Kwetu kwenye sacco tunafanya tofauti, na nadhani inasaidia kumwelewesha mwanzisha uzi. Sisi tunagawanya deni sawasawa. Milioni 12 kwa miezi 60 ingekuwa 200,000 ya deni kila mwezi, halafu riba juu yake kulingana na salio. Kwa kiwango hicho hicho cha 1.5%, mwezi wa kwanza ungelipa 380,000, wa pili 377,000, unaofuata 374,000, hivyo hivyo hadi mwisho 203,000. Riba yote inakuwa 5,490,000, chini ya ile ya benki kwa karibu laki nane, na kiwango cha riba hakijabadilika hata kidogo.

Kwa hiyo huo mwendo wa kobe unatokana na kutaka rejesho liwe sawa kila mwezi. Deni linapunguzwa taratibu mwanzoni, basi linakaa kubwa muda mrefu, basi linazaa riba zaidi.

Bi_Salio

Umelisema vizuri kuliko mimi, Njeri. Niongeze tu kwa nini benki za huku hazipendi mtindo huo kwa wafanyakazi. Mtumishi anatakiwa abaki na theluthi ya mshahara wake baada ya makato. Mtu anayeweza kubeba 304,721 mara nyingi hawezi kubeba 380,000 ya mwezi wa kwanza, kwa hiyo ingebidi akope pungufu. Wengi wanachagua kukopa kingi.

Mama_Vitenge_Kkoo

Jamani mbona mimi ya kwangu haishuki? Nimekopa kwa wale wa vikundi, milioni mbili, miezi kumi. Kila wiki kiasi ni kile kile na kwenye kijitabu wameandika riba ile ile tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mwanzoni kubwa mwishoni ndogo. Inamaanisha mimi nimepata mkopo mzuri zaidi ya huyu wa benki?

Bi_Salio

Hapana dada yangu, ni kinyume chake, na hapo wengi wananaswa. Wewe umepewa riba ya flati. Wanaihesabu kwenye milioni mbili zote kwa miezi yote kumi, hata mwezi wa tisa wakati umeshabakiza laki mbili na kitu.

Chukua mkopo wa Kibwana kwa mfano. Angeambiwa "riba flati 10% kwa mwaka" angefurahi kuliko 18%. Lakini 10% ya milioni 12 ni milioni 1.2 kwa mwaka, kwa miaka mitano milioni 6, jumla 18,000,000, gawa kwa 60 unapata 300,000 kwa mwezi. Karibu sawa na anachokatwa sasa. Ukiirudisha hiyo flati 10% kwenye hesabu ya salio linalopungua, inatoka kama 17.3%. Kwa hiyo usilinganishe asilimia kabla hujauliza inahesabiwa kwenye nini. Na ukitaka kumaliza mapema, waulize kwa maandishi kama riba ya miezi iliyobaki inafutwa, maana wengine wanaidai yote.

Mama_Vitenge_Kkoo

Hawafuti. Niliuliza mwaka jana kwenye mkopo wa kwanza. Asante, sasa naelewa kwa nini yule mpwa wangu alinikataza.

Kibwana_wa_Masasi

Bi Salio shikamoo, na asante sana. Nimekaa na daftari nimefuata hesabu yako mwezi kwa mwezi. Lakini mimi nikifika mwezi wa 24 napata salio 8,428,791. Barua inasema 8,597,367. Nimerudia, jibu ni lile lile. Nimekosea wapi?

Fundi_Eksel

Hujakosea mkuu, mimi nimeingiza kwenye kompyuta nikapata hiyo hiyo, inapishana shilingi chache za kukata desimali. Kwa wanaotaka kujaribu mkopo wao, fomula ni hizi, badilisha namba tu:

```
=PMT(18%/12, 60, -12000000)
=IPMT(18%/12, 25, 60, -12000000)
=PPMT(18%/12, 25, 60, -12000000)
```

Ya kwanza inakupa rejesho la mwezi. Ya pili inakupa riba ya rejesho la 25, ya tatu sehemu ya deni ya rejesho hilo hilo. Kwa mkopo huu zinatoka 126,432 na 178,289. Ukijumlisha zinarudi 304,721.

Bi_Salio

Marahaba mwanangu. Ondoa 8,428,791 kwenye 8,597,367. Inabaki 168,576. Sasa tafuta 2% ya 8,428,791.

Kibwana_wa_Masasi

168,575.82. Duh.

Bi_Salio

Basi hiyo si riba. Ni tozo ya kumaliza mkopo kabla ya muda. Fungua barua ya ofa uliyosaini, utafute kifungu kinachosema kulipa kabla ya muda au kufunga mkopo mapema. Kama kipo na kimeandikwa 2%, wana haki nayo. Kama hakipo, waandikie uwaulize wameitoa wapi.

Kitu kingine ambacho huwa kinavuruga hesabu za watu: siku za katikati. Mtu anapewa hela tarehe 10, makato yanaanza mwisho wa mwezi unaofuata. Zile siku za ziada nazo zinahesabiwa riba. Kwa milioni 12 kwa 18%, siku moja ni kama 5,918. Siku ishirini tu ni zaidi ya laki moja. Kwako naona haikutokea, kwa sababu namba zinakaa sawa bila hiyo.

Mzalendo_Halisi

Hiyo 2% ndiyo nilikuwa naizungumzia mimi. Wanakufunga usitoke.

Bi_Salio

Inauma, ni kweli, na ningependa isiwepo kwa mikopo ya wafanyakazi. Lakini pima: 168,576 dhidi ya riba ya milioni 2.5 ambayo hataiona. Bado kutoka kunalipa.

Dulla_Minneapolis

Niwasalimu kutoka huku Minnesota. Niongeze la mikopo ya nyumba kwa kuwa ndiyo inayotesa huku. Mkopo wa miaka 30 kwa 6%, sehemu ya deni inakuja kuizidi riba kwenye rejesho la 223. Hiyo ni zaidi ya miaka 18 unalipa riba kuliko deni! Jirani yangu aliuza nyumba baada ya miaka sita, alishangaa deni halijatikisika. Mbona Kibwana wake ni mwezi wa 15 tu na riba yake ni mara tatu ya yetu?

Bi_Salio

Swali zuri sana hilo, kaka Dulla. Kuna siri ndogo hapo. Hesabu kutoka mwisho wa mkopo kuja nyuma, usianzie mwanzo. Jiulize deni lingechukua muda gani kujizidisha mara mbili kwa riba hiyo. Kwa 1.5% kwa mwezi ni miezi 46 na nusu hivi, karibu miaka minne. Basi marejesho 46 ya mwisho ndiyo ambayo deni linaizidi riba, uwe umekopa kwa miaka mitano au kumi. Kibwana ana 60, ondoa 46, zinabaki 14 za mwanzo ambazo riba ni kubwa. Angechukua miaka saba, zingekuwa 38. Angechukua miaka mitatu, tangu rejesho la kwanza deni lingekuwa kubwa kuliko riba.

Kwenu kwa 0.5% kwa mwezi kujizidisha kunachukua miezi 139 kasoro kidogo, kwa hiyo iliyotimia ni 138. Mna marejesho 360, ondoa 138, ndiyo hizo 222 zako. Riba yenu ni ndogo lakini muda ni mrefu mno. Kwa hiyo afisa mikopo akikuambia "tukuongezee miaka miwili ili makato yapungue", ujue hiyo miaka inaongezwa upande wa riba.

Dulla_Minneapolis

Nimejaribu kwa namba za mkopo wangu, imekubali. Nilikuwa sijawahi kuiona kwa jicho hilo.

Afisa_Elimu_Kata

Kibwana, mimi ningekuwa wewe ningeongeza mkopo. Wenzangu wengi hapa wamefanya, benki inafunga ule wa zamani inakupa mpya wa milioni 12 tena, makato ni yale yale 304,721 na unapata hela mkononi. Huumii popote.

Bi_Salio

Mwalimu, hapo "huumii popote" naomba tuitazame. Akifanya hivyo leo, kabla ya ada na bima, mkononi anapata 3,571,209. Riba yake ya mwezi unaofuata ilikuwa iwe 126,432. Kesho yake inarudi 180,000, kana kwamba miaka miwili haikuwepo, na marejesho yanaanza kuhesabiwa moja tena. Anayefanya hivyo kila baada ya miaka miwili haivuki kamwe miaka miwili ya mwanzo ya mkopo, na nimeona watumishi waliofika kustaafu wakiwa na mkopo wa "mwaka wa pili". Makato hayajabadilika ndiyo, ndiyo maana hawastuki.

Afisa_Elimu_Kata

Lakini kama ana shida ya ada ya mtoto afanyeje? Siyo kila mtu ana korosho.

Bi_Salio

Hapo sina la kukupinga. Ada haisubiri. Nilichotaka aone ni gharama yake tu.

Kibwana_wa_Masasi

Wakuu, niwe mkweli, milioni nane na nusu sina. Nina kama milioni moja ya korosho. Nikiiweka sasa inasaidia chochote au ni tone baharini?

Bi_Salio

Inasaidia. Nitakupa mfano wa jinsi muda unavyobadilisha thamani ya hiyo milioni, uone. Kwenye mkopo huu huu, mtu akiongeza milioni moja baada ya rejesho la 12 huku akiendelea na 304,721, mkopo unaisha rejesho la 54, na la mwisho hilo ni dogo, kama 172,000. Anaokoa riba ya karibu 961,000. Yaani milioni yake imemrudishia karibu milioni nyingine. Akiingiza milioni hiyo hiyo baada ya rejesho la 48, anaokoa kama 170,000 tu, kwa sababu deni lililobaki lilikuwa la mwaka mmoja. Wewe upo mwezi wa 24, uko katikati ya hao wawili lakini karibu zaidi na wa kwanza.

Sasa sikiliza sana hapa, maana ndipo watu wanapoteza. Ukiweka tu hela kwenye akaunti ya mkopo, mfumo unaweza kuichukua kama marejesho ya miezi mitatu ijayo. Salio halishuki siku hiyo, riba inaendelea, wewe unadhani umepunguza deni. Andika barua: naomba kiasi hiki kipunguze deni la msingi leo, rejesho libaki lile lile, muda ndio upungue. Wasipoambiwa, wengine wanaacha muda ule ule na kushusha makato, na hapo unaokoa kidogo zaidi.

Kisha uhakikishe mwenyewe mwezi unaofuata. Omba taarifa ya mkopo, utazame mstari wa riba. Kwako ilikuwa iwe 126,432. Milioni moja mara 1.5% ni 15,000, kwa hiyo inatakiwa isomeke 111,432. Ukikuta bado 126,432, hela yako imekaa mahali pengine, rudi siku hiyo hiyo.

Njeri_wa_Thika

Na aulize kama ile 2% inakatwa hata kwenye malipo ya sehemu. Kwingine wanaikata, kwingine ni kwa anayefunga mkopo wote tu.

Kibwana_wa_Masasi

Nimerudi na barua ya ofa. Kifungu kipo, kimeandikwa "2% ya salio endapo mkopaji atalipa mkopo kabla ya muda". Hakisemi kama ni wote au sehemu. Jumatatu naenda na barua mbili, moja ya kuuliza hilo, nyingine ya kuomba milioni ipunguze deni la msingi kama Bi Salio alivyoeleza.

Mzalendo_Halisi

Wakikuambia 2% ya salio lote kwa kuweka milioni moja, hiyo ni 168,000 kwa milioni. Usikubali.

Bi_Salio

Hapo Mzalendo tuko pamoja. Wakiisoma hivyo, kataa, omba jibu kwa maandishi, na ulete hapa tulione.